Msingi wa fedha taslimu, msingi wa limbikizo na marekebisho ya mwisho wa mwaka: muhtasari kwa wanafunzi wa stashahada ya uhasibu

Duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro limeuza mifuko 120 ya saruji kwa mkopo tarehe 18 Novemba 2024, kila mfuko Sh 17,000, jumla Sh 2,040,000. Saruji hiyo ilinunuliwa kwa Sh 15,200 kwa mfuko, na msambazaji alilipwa Sh 1,824,000 tarehe 20 Novemba. Mteja amelipa tarehe 22 Januari 2025. Mwaka wa hesabu wa duka unafungwa 31 Desemba.

Kwa msingi wa fedha taslimu, muamala huandikwa siku pesa inapopokelewa au inapotoka. Vitabu vya 2024 vitaonyesha hasara ya Sh 1,824,000 kwenye saruji hii, na vya 2025 vitaonyesha faida ya Sh 2,040,000. Namba zote mbili ni kweli kama kumbukumbu ya pesa, lakini hakuna hata moja inayosema biashara ya saruji ilikwendaje. Kwa msingi wa limbikizo, mapato huandikwa yanapostahili, yaani bidhaa inapokabidhiwa au huduma inapotolewa, na gharama huandikwa kipindi inapotumika kuzalisha mapato hayo. Hapo faida ya 2024 ni Sh 216,000, na ya 2025 kwenye muamala huu ni sifuri.

Msingi wa fedha taslimu si dhambi. Unamfaa mama lishe, kikundi cha kuweka na kukopa, na yeyote anayetaka kujua leo ana shilingi ngapi. Ila kampuni haina uchaguzi: Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania inaitaka ikokotoe mapato yake kwa msingi wa limbikizo. Serikali nayo ilianza kuhamia kwenye IPSAS, viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, za msingi wa limbikizo tangu Julai 2012, kwa hiyo hata atakayeajiriwa halmashauri atakutana na mambo haya haya.

Kanuni tatu kabla ya kushika kalamu

Kila ingizo la marekebisho linagusa angalau akaunti moja ya taarifa ya faida na hasara na angalau akaunti moja ya mizania. Ukijikuta umegusa za upande mmoja tu, simama. Huenda unasahihisha kosa, hufanyi marekebisho.

Ingizo la marekebisho haligusi Fedha wala Benki. Makato ya benki uliyoyagundua kwenye taarifa ya benki yaingizwe kwanza, wakati wa usuluhishi wa benki, kabla ya kutoa urari. Hili ndilo kosa linalorudi kila mtihani: mwanafunzi anaona mshahara wa Desemba haujalipwa, anaandika "Krediti Benki". Pesa haijatoka. Benki ikiguswa, mizania itaonyesha salio ambalo benki yenyewe hailijui.

Tatu, hesabu miezi au siku kwa vidole kabla ya kuzidisha. Kutoka 1 Septemba hadi 31 Desemba ni miezi 4, si 3. Kutoka tarehe 16 hadi 31 ni siku 16, si 15.

Duka letu, 31 Desemba 2024

Ni kampuni ndogo, haijasajiliwa kwa VAT, kwa hiyo VAT tuiweke pembeni. Urari kabla ya marekebisho unaonyesha mauzo Sh 96,000,000, pango 9,600,000, mishahara 13,200,000, mchango wa mwajiri NSSF 1,320,000, maji 880,000, gharama nyingine 1,600,000. Bidhaa za mwanzo wa mwaka zilikuwa 14,200,000, manunuzi 61,500,000, na bidhaa zilizohesabiwa stoo jioni ya 31 Desemba ni 16,700,000. Gharama ya mauzo basi ni 14,200,000 + 61,500,000 − 16,700,000 = 59,000,000. Ukiishia hapo, "faida" ni Sh 10,400,000. Mwenye duka atafurahi, lakini mapema mno.

*Pango lililolipwa kabla.* Pango la zamani lilikuwa 450,000 kwa mwezi, na mwanzoni mwa mwaka kulikuwa na miezi 8 iliyokwisha lipwa: 3,600,000. Tarehe 1 Septemba duka likalipa miezi 12 mipya, 6,000,000, yaani 500,000 kwa mwezi. Ndiyo maana urari una 9,600,000. Mwaka 2024 umetumia miezi 8 ya bei ya zamani na 4 ya bei mpya: 3,600,000 + 2,000,000 = 5,600,000. Miezi 8 iliyobaki ni mali, maana duka lina haki ya kukaa hadi Agosti 2025.

Debiti: Pango lililolipwa kabla (mali) 4,000,000
Krediti: Gharama ya pango 4,000,000

Usigawanye 9,600,000 kwa 12. Hilo ni fungu la mikataba miwili. Na angalia jambo jingine: mpangaji anakata kodi ya zuio asilimia 10 na kuipeleka TRA, kwa hiyo mwenye nyumba alipokea mkononi 5,400,000. Gharama yako inabaki 6,000,000. Anayegawanya 5,400,000 kwa 12 anapunguza gharama kwa kodi ambayo si punguzo la pango. Ni kodi ya mwenye nyumba iliyopitia mikononi mwako.

*Mishahara ya Desemba.* Sh 1,200,000 italipwa 4 Januari. Wengi huishia hapo na kusahau mchango wa mwajiri, hapa asilimia 10.

Debiti: Mishahara 1,200,000
Debiti: Mchango wa NSSF 120,000
Krediti: Gharama zinazodaiwa (deni) 1,320,000

Ankara ya maji ya Desemba imefika 9 Januari, Sh 85,000. Tarehe ya ankara haina uzito, kinachotazamwa ni mwezi maji yalipotumika. Debiti Maji, krediti Gharama zinazodaiwa. Umeme wa LUKU hulipwa kabla, na kinadharia uniti zilizobaki kwenye mita ni mali. Kwa duka la ukubwa huu usijisumbue nazo. Ila kiwanda chenye mita kubwa, zisome.

*Pesa ya mteja iliyopokelewa kabla.* Tarehe 10 Desemba fundi mmoja alilipa Sh 5,000,000 kwa mabati na nondo. Karani aliandika yote kwenye Mauzo. Hadi 31 Desemba amechukua vitu vya 1,800,000. Zilizobaki, 3,200,000, si mauzo. Duka linadaiwa mabati.

Debiti: Mauzo 3,200,000
Krediti: Malipo ya wateja yaliyopokelewa kabla (deni) 3,200,000

Hapa marekebisho peke yake hayatoshi, lazima uende stoo. Mabati ya fundi yaliyotengwa na kuandikwa jina lake bado ni bidhaa za duka hadi atakapoyachukua. Anayehesabu akiyaruka kwa sababu "yameuzwa", bidhaa za mwisho zitapungua, gharama ya mauzo itapanda, na umeondoa mauzo bila kurudisha gharama yake. Uliza swali hilo kwa aliyehesabu kabla ya kukubali karatasi ya stoo. Hapa tunachukua kwamba yamo ndani ya 16,700,000.

*Mapato yaliyostahili bila ankara.* Mashine ya kuchanganya zege ilikodishwa kwa mkandarasi kuanzia 16 hadi 31 Desemba kwa Sh 50,000 kwa siku, ankara haijatoka. Siku 16: debiti Mapato yanayodaiwa 800,000, krediti Mapato ya ukodishaji 800,000.

*Uchakavu.* Pikapu ilinunuliwa 1 Aprili kwa 24,000,000, itatumika miaka 5, thamani ya mwisho 4,000,000. Njia ya mstari mnyoofu: (24,000,000 − 4,000,000) ÷ 5 = 4,000,000 kwa mwaka; miezi 9 ni 3,000,000. Debiti Gharama ya uchakavu, krediti Uchakavu uliolimbikizwa, wala si akaunti ya Pikapu yenyewe. Msomaji wa mizania anataka kuona bei ya kununulia na kiasi kilichochakaa kila kimoja mahali pake. Mashine ya zege ilikwisha chakaa yote vitabuni. TRA hawatumii namba hii; pikapu ndogo ya mizigo iko kundi la asilimia 37.5 kwa salio linalopungua. Tofauti hiyo hushughulikiwa kwenye hesabu ya kodi, usiilazimishe kuingia kwenye leja.

*Wadaiwa.* Ni 12,500,000. Mmoja wa 500,000 amefilisika: debiti Madeni mabaya, krediti Wadaiwa. Kisha tengo la madeni yenye shaka, asilimia 5 kwa 12,000,000 iliyobaki ni 600,000. Tengo la zamani lipo 450,000, kwa hiyo unaongeza 150,000 tu. Atakayeandika 600,000 yote atakuwa na tengo la 1,050,000.

*Riba.* Mkopo wa 10,000,000 ulichukuliwa 1 Oktoba kwa asilimia 18 kwa mwaka, riba hulipwa kila miezi 6. Miezi mitatu: 10,000,000 × 18% × 3/12 = 450,000. Debiti Gharama ya riba, krediti Riba inayodaiwa.

Faida baada ya marekebisho

Faida kabla: 10,400,000
Ongeza: pango 4,000,000 na ukodishaji 800,000
Toa: mishahara na NSSF 1,320,000, maji 85,000, malipo ya fundi 3,200,000, uchakavu 3,000,000, madeni mabaya 500,000, tengo 150,000, riba 450,000 (jumla 8,705,000)
Faida halisi: 6,495,000

Toa urari mpya kabla ya kuandaa taarifa. Urari kulingana hauthibitishi kwamba marekebisho ni sahihi. Ingizo lililogeuzwa, debiti kwa krediti, halitauvuruga hata kidogo. Ukishuku kugeuza, tazama tabia ya salio: akaunti ya "iliyolipwa kabla" yenye salio la krediti inajisema yenyewe.

Tarehe 1 Januari 2025

Gharama zinazodaiwa zigeuzwe siku ya kwanza ya mwaka mpya: debiti Gharama zinazodaiwa 1,405,000, krediti Mishahara 1,200,000, NSSF 120,000 na Maji 85,000. Tarehe 4 karani atalipa na kuandika debiti Mishahara kama kawaida yake, salio litakuwa sifuri, na gharama inabaki 2024. Usipogeuza na karani asipojua kuna deni, Desemba italipwa vitabuni mara mbili. Uchakavu, tengo na madeni mabaya hayageuzwi kamwe.

Zoezi

Imegundulika kwamba ndani ya Sh 24,000,000 za Pikapu mna bima ya mwaka mmoja, Sh 1,200,000, iliyoanza 1 Aprili 2024. Andika maingizo na utafute faida mpya.

*Jibu.* Debiti Gharama ya bima 900,000 (miezi 9), debiti Bima iliyolipwa kabla 300,000, krediti Pikapu 1,200,000. Bei ya pikapu sasa ni 22,800,000, hivyo uchakavu ni (22,800,000 − 4,000,000) ÷ 5 × 9/12 = 2,820,000; punguza uliokwisha andikwa kwa 180,000: debiti Uchakavu uliolimbikizwa, krediti Gharama ya uchakavu. Faida: 6,495,000 − 900,000 + 180,000 = 5,775,000. Aliyepata 5,595,000 ameishughulikia bima na kuusahau uchakavu.