Bei ya Mwisho Ndiyo ya Kwanza

Kamwene! 🧺

Kikapu cha mistari ya zambarau hapo mbele kimesukwa na huyu mama mwenye kitenge cha njano. Hataki nimtaje jina. Anasema jina lake liko kwenye ukingo: yeye huupinda mara mbili, na kikundini hakuna mwingine afanyaye hivyo.

Mwaka juzi alikwenda Dar kwenye harusi ya mpwa wake. Akapita duka fulani, akaona kikapu, akakigeuza, akapapasa ukingo. Chake! Kimebandikwa 45,000. Yeye alikuwa amemuuzia mchuuzi pale Ipogolo, kando ya barabara kuu, kwa 7,000. "Nilitaka nikinunue nirudi nacho nyumbani," anasema, "ila nisingebaki na nauli."

Mchuuzi naye ana gharama zake, hatumlaumu kwa yote. Lakini 7,000 hiyo tulikuwa tunaikubali wenyewe, kila mtu kivyake, ada ya shule ikibana. Sasa tuko akina mama 14, tunauza pamoja.

Kazi yenyewe iko hivi. Milulu tunaikata mabondeni, tunaibeba kichwani, tunaianika mpaka ikauke sawasawa. Wakati wa kusuka tunailowesha ilainike, maana ikiwa kavu inakatika. Kikapu cha kati kinachukua siku nne za kusuka baada ya kutoka shamba. Mwezi wa saba, baridi ya Iringa ikikolea, vidole vinakataa kabisa na siku hizo nne zinakuwa sita. Masika nayo milulu haikauki upesi, kwa hiyo ukiagiza wakati huo tuvumilie.

Bei zetu:
Kidogo 14,000
Cha kati 25,000
Kikubwa, cha kuwekea nguo au mahindi, 40,000

Tukichukua hicho cha kati: 17,000 ni ya msukaji, analipwa siku kinapouzwa. 3,000 ni milulu na rangi. 3,000 ni kukifikisha stendi na kukifunga vizuri. 2,000 inaingia mfuko wa kikundi, ambao ndio tunakopeshana mbolea ikifika msimu wa kulima. Hakuna nyingine iliyojificha.

Ndiyo maana ukituuliza "bei ya mwisho ngapi?" tutacheka tu. Ya mwisho ndiyo hiyo ya kwanza. Ukipunguza 5,000, haitoki kwenye rangi wala kwenye basi, inatoka kwenye zile siku nne za mama. Anayenunua kumi kwa mkupuo tunamfungia kidogo kimoja cha zawadi, nacho msukaji wake tunamlipa kutoka mfuko wa kikundi.

Vya kati vilivyo tayari leo ni tisa. Kikubwa kimebaki kimoja, kina doa dogo la rangi chini, tunakitoa kwa 34,000 na tofauti tunaibeba kikundi. Njoo inboksi, taja saizi na mji uliopo. Mabasi ya Mbeya, Dodoma na Dar tunapakia Jumanne na Ijumaa.

Ukipokea chako, papasa ukingo. Ukiukuta umepindwa mara mbili, tuandikie, tumpelekee habari mwenyewe.

#VikapuVyaIringa #Milulu