Gizani, Bila Kuchungulia: Maswali ya Klabu ya Hesabu, Kidato cha Pili

Kila swali linataka idadi ndogo kabisa inayokupa hakika. Aliyetoa soksi mbili zikafanana ana bahati tu, swali bado hajalijibu. Fikiria mkono wenye mkosi kuliko yote, uhesabu utafika wapi kabla haujashindwa kukukwepesha.

1. Umeme umekatika. Kapuni mna soksi 10 nyeupe na 14 nyeusi. Utoe ngapi upate mbili za rangi moja?

Jibu: 3. Wanaoandika 11 au 15 wamezugwa na idadi za kapuni. Rangi ni mbili, kama matundu mawili ya njiwa. Soksi ya tatu lazima iingie penye mwenzake.

Na ukitaka jozi nyeupe, si nyingine? Sasa zile idadi zina kazi. Nyeusi zote 14 zaweza kutangulia, kisha nyeupe mbili: 16.

2. Karata 52 zimechanganywa vizuri. Uvute ngapi upate mbili za alama moja?

Jibu: 5, maana kuna shupaza, kopa, uru na pau tu. Ukitaka kopa mbili, 41: zisizo kopa ni 39.

3. Bibi ana doti 6 za kanga, kila doti na jina lake. Vipande vyote 12 vimetenganishwa na kurundikwa sandukuni. Atoe vingapi gizani apate doti moja kamili?

Jibu: 7. Vipande sita vya kwanza vyaweza kuwa na majina sita tofauti. Cha saba kitarudia jina mojawapo.

4. Mlangoni kuna rundo la kandambili za saizi moja: jozi 4 za buluu na jozi 3 nyekundu. Uchukue ngapi upate jozi ya kuvaa?

Jibu: 8. Hapa ndipo wajanja wa swali la 1 huanguka na kuandika 3. Kandambili mbili za buluu zote za kushoto hazikupeleki popote. Mkono wenye mkosi waweza kukupa za kushoto zote 7. Ya nane ni ya kulia, na mwenzake unaye tayari.

5. Rundo lilelile, giza lilelile, lakini sasa unaruhusiwa kupapasa. Rangi huioni, ila kidole kinajua kushoto na kulia. Je, 8 itapungua?

Jibu: 6. Chukua 5 za kushoto. Buluu za kushoto ni 4 tu na nyekundu 3, kwa hiyo tano haziwezi kuwa za rangi moja: rangi zote mbili unazo. Ongeza moja ya kulia, yoyote ile. Ukichukua 4 za kushoto badala ya 5, zaweza kuwa buluu tupu, na ya kulia ikatoka nyekundu.