Mji wa kando ya mto mwaka 1985 na mwaka 2015: maelezo ya ramani mbili

Ramani mbili zinazoelezwa hapa zinaonyesha mji mmoja mdogo wa kando ya mto: ya kwanza ni ya mwaka 1985, ya pili ni ya mwaka 2015, baada ya mji huo kuendelezwa. Ya kwanza imechorwa kwa skeli ya 1:25,000 na ya pili kwa skeli ya 1:10,000. Kwa hiyo sentimita 1 ni mita 250 katika ramani ya zamani, lakini ni mita 100 tu katika ramani mpya. Asiyeitazama skeli atapotoka mapema. Msitu wa mashariki, kwa mfano, una upana wa sentimita 4.4 katika ramani ya kwanza na sentimita 5 katika ya pili, ukadhani umeongezeka. Kumbe umeshuka kutoka mita 1,100 hadi mita 500.

Kwa jumla, mji uliokuwa ukitegemea mto na reli umegeuka kuwa mji wa barabara. Shughuli za mizigo zilizobanana ukingoni mwa mto zimehamishiwa pembezoni, upande wa kusini-mashariki, na ukingo wenyewe umeachiwa watembea kwa miguu. Makazi yamesambaa kuelekea mashariki kwa kiasi kikubwa, ilhali ng'ambo ya magharibi imebaki karibu vilevile.

Eneo lililobadilika kuliko yote ni ukingo wa mashariki. Mto unaingia kutoka kaskazini, unajipinda kuelekea mashariki, kisha unaelekea kusini-magharibi, na mji umekaa upande wa nje wa kona hiyo. Huko ndiko maji ya mto unaopinda hupita kwa kasi na kuchimba kina, na bila shaka ndiyo sababu gati lilijengwa hapo. Mwaka 1985 gati hilo lilikuwa na urefu wa sentimita 2 kwenye ramani, yaani mita 500. Nyuma yake yalipangwa maghala manne, na nyuma ya maghala ilipita reli, sambamba na mto, kutoka kaskazini hadi kusini. Kati ya maghala na soko la mji palikuwa na njia tatu za treni pamoja na kituo. Mtu aliyetoka sokoni kwenda mtoni alilazimika kuzunguka hadi kwenye kivuko cha reli kilichokuwa kaskazini ya kituo, kwani ramani haionyeshi njia nyingine ya kuvuka.

Mwaka 2015 reli haipo tena. Alama yake imetoweka, lakini mkondo wake bado unasomeka: pale ilipopita sasa kuna njia ya waendao kwa miguu na baiskeli, iliyonyooka mno kulinganisha na vichochoro vinavyoizunguka. Jengo la kituo limeachwa mahali pake na kuandikwa maktaba. Maghala mawili ya kaskazini yamebomolewa na nafasi yake kufanywa bustani ya umma. Mawili ya kusini yamebaki na umbo lilelile, isipokuwa moja sasa ni hoteli na la pili ni jengo la maduka. Gati limegeuzwa barabara ya matembezi, yenye sentimita 5 katika ramani mpya, ambazo ni mita 500 zilezile. Mbele yake umechorwa ukuta wa kuzuia mmomonyoko. Ukuta huo ni wa lazima kuliko pambo lolote la bustani, maana maji yaliyochimba kina cha kupokelea vyombo ndiyo hayohayo yanayoula ukingo.

Uvukaji wa mto nao umebadilika. Zamani kulikuwa na pantoni moja iliyotia nanga kwenye ncha ya kusini ya gati. Katika ramani ya pili pantoni haimo, na badala yake kumejengwa daraja la mita 160, mbali kidogo na hapo kuelekea kusini, ambako mto umekwisha kunyooka. Daraja hilo linaungana na barabara kuu ya mji kupitia mzunguko mpya wa barabara.

Mzunguko huo ni mmoja kati ya miwili. Wa pili uko kaskazini, na kati yake imepita barabara ya mchepuo ya kilomita 3.8 inayouzunguka mji kwa upande wa mashariki. Mwaka 1985 magari yote yaliyotoka kaskazini kwenda kusini yalipita katikati ya mji, mbele ya soko. Hapakuwa na njia nyingine. Sasa sehemu ya barabara hiyo ya zamani inayopakana na soko imefungwa kwa magari. Soko lenyewe halikuguswa. Yeye msomaji akitaka mahali pa kuzilinganishia ramani hizi, aanzie hapo, kwa kuwa soko na makaburi yaliyo kaskazini-mashariki yake ndiyo maeneo pekee ya katikati ya mji ambayo mipaka yake haikusogezwa.

Kiwanda kilichokuwa kusini, kando ya reli, kimeondolewa na kiwanja chake kujengwa maghorofa ya makazi. Eneo jipya la viwanda na maghala limewekwa kwenye makutano ya barabara ya mchepuo na barabara ya kusini. Reli ilipoondolewa, mizigo ilibaki na malori peke yake, na malori hayana haja ya kuingia mjini.

Upande wa mashariki ardhi inapanda. Ramani ya kwanza ina kontua, yaani mistari ya mwinuko sawa, kila mita 20 na ya pili kila mita 10, hivyo mlima una mistari mingi zaidi katika ya pili ingawa ni uleule. Kontua ya mita 140 imo katika ramani zote mbili, na ndiyo inayofaa kulinganishia. Mwaka 1985 nyumba ziliishia chini kabisa ya mteremko, kwenye kontua ya mita 120, na juu yake ulianza msitu. Kufikia mwaka 2015 msitu umerudishwa nyuma hadi barabara ya mchepuo, inayofuata kontua ya mita 140 karibu mwendo wake wote, na mitaa mipya imejaza nafasi iliyoachwa. Hakuna nyumba hata moja iliyovuka barabara hiyo. Mitaa hiyo imepangwa kwa mistari iliyonyooka, tofauti na njia za kupindapinda za mji mkongwe.

Kaskazini mambo ni machache. Zahanati imepanuliwa kuwa hospitali yenye maegesho, na shule ya msingi imeongezewa sekondari jirani.

Ng'ambo ya magharibi ni upande wa ndani wa kona ya mto, ambako maji hupungua kasi na kutua mchanga na tope. Mwaka 1985 palikuwa na mashamba na kinamasi, hakuna makazi, na njia moja ya udongo iliyotoka kwenye pantoni. Daraja jipya lingetarajiwa kuvuta nyumba upande huo. Haikuwa hivyo: barabara inayotoka darajani imejengwa juu ya tuta mpaka inapofika ardhi ya juu, kinamasi kimebaki na mipaka yake ya zamani, na kilichoongezeka ni viwanja viwili tu vya michezo, vilivyochukua kipande cha mashamba kilicho karibu zaidi na daraja.