Tafsiri ya Barua ya Ajira: Fundi wa Viyoyozi, Dubai

Imetafsiriwa Dar es Salaam kutoka Kiingereza, kwa matumizi ya mwajiriwa.

Ndugu,

Tunayo furaha kukupa nafasi ya fundi wa viyoyozi mjini Dubai kwa mkataba wa miaka 2 utakaoanza tarehe 1 Septemba 2025, ambapo miezi 6 ya mwanzo itakuwa ya majaribio.

Mshahara wako wa msingi utakuwa dirham 2,400 kwa mwezi, na juu yake utalipwa posho ya nyumba dirham 900 na ya usafiri dirham 400, jumla dirham 3,700. (Mfasiri: kiinua mgongo, ambacho kwa sheria ya huko ni mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, hukokotolewa kwa mshahara wa msingi peke yake, jumla isikupumbaze.)

Hutakatwa kodi ya mapato. Utakatwa dirham 5 kila mwezi za bima ya kupoteza ajira, na gharama za viza na kibali cha kazi zitabebwa na mwajiri.

Katika kipindi cha majaribio mwajiri atakupa notisi ya maandishi ya siku 14, nawe utatoa siku hizo hizo ukiondoka nchini, lakini mwezi mmoja ukihamia kwa mwajiri mwingine huko huko. Baadaye notisi itakuwa siku 30 kwa kila upande, na atakayeikatisha atamlipa mwenzake mshahara wa siku zilizosalia.

Tafadhali tia saini na urudishe nakala moja kabla ya tarehe 10 Agosti 2025.

Meneja Rasilimali Watu