Mistari ya Mlangoni

Kila tarehe 9 Aprili, mvua ya Tukuyu ikiwa bado inagonga bati, Ambakisye huvua viatu, hujibana kwenye mwimo wa mlango wa jikoni na kumwita bibi yake aje na kisu. Bibi humwekea daftari kichwani, kisha hukwaruza mstari.

Mwaka huu ametimiza miaka 12. Mdogo wake wa kike alishampita tangu Krismasi, na shuleni yeye ndiye wa mbele kabisa mstarini. Hilo humuuma kuliko fimbo.

"Usinyanyue visigino, mjukuu wangu."

"Sijanyanyua, bibi."

Alikuwa amenyanyua. Akashusha.

Akageuka kutazama. Unene wa kidole kimoja tu! Migomba waliyopanda mwaka jana tayari ina mikungu.

"Baba yako alirefuka akiwa darasa la saba," bibi akasema, akipuliza vumbi la mbao. "Suruali zake zote tukampa baba yako mdogo."

Ambakisye hakujibu. Bibi alipokwenda kugeuza viazi mekoni, akahamia mwimo wa pili, ule uliopakwa rangi, akaukwangua kwa ukucha. Chini ya rangi kulikuwa na mistari mingine, imebanana kama yake.