Nani anaona nini, nani anabadilisha nini: mwongozo wa ruhusa katika mfumo wa saa na likizo

Mwongozo huu ni wa kila mwenye akaunti katika mfumo wetu wa kuandika saa za kazi, kuomba likizo na kudai saa za ziada. Majukumu ni matatu: mfanyakazi, kiongozi wa timu na msimamizi wa mfumo. Ruhusa inashikamana na jukumu, haishikamani na mtu. Ukihamia timu nyingine, ruhusa za timu ya zamani unaziacha hukohuko, hata kama ulikuwa nazo miaka mitano na hukuwahi kuzitumia vibaya.

Jambo ambalo halikuruhusiwa waziwazi limefungwa. Kanuni hii hatukuibuni sisi: Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliieleza mwaka 1975, pamoja na ile isemayo kwamba kila mtumiaji apewe ruhusa zinazomtosha kazi yake tu. Kwa hiyo usipoona kitufe ambacho mwenzako anacho, mfumo haujaharibika.

Mfanyakazi

Unaona mambo yako yote: saa ulizoingia na kutoka, salio la likizo, maombi na majibu yake, hati zako za malipo, na orodha ya watu waliofungua taarifa zako na siku walipozifungua. Orodha hiyo iko chini ya picha yako, kwenye "Nani ameona". Tunaomba uitazame mara kwa mara. Wewe ndiye unayejua upesi kuliko yeyote kama kuna mtu asiyehusika.

Mambo ya wenzako huyaoni, isipokuwa kalenda ya timu, nayo husema "Hayupo" na kunyamaza. Haisemi kama mtu anaumwa, amefiwa au amepumzika.

Saa zako unaziandika na kuzirekebisha mwenyewe hadi wiki ifungwe, yaani Jumatatu saa 4:00 asubuhi. Baada ya hapo unabonyeza "Omba marekebisho" na kueleza sababu. Mstari wa zamani haufutwi. Unakatwa kwa kistari na mpya unaandikwa chini yake.

Namba ya simu na mtu wa kuarifiwa wakati wa dharura unabadilisha papo hapo. Akaunti ya benki ni tofauti. Ukiibadilisha, mfumo unasubiri saa 48 kabla ya kuikubali, na ujumbe unatumwa kwenye namba iliyokuwapo kabla. Mwizi aliyepata nywila yako ataanza kubadilisha simu, kisha benki. Ndiyo maana namba ya zamani huendelea kupokea ujumbe kwa siku 7.

Kiongozi wa timu

Ana kila alicho nacho mfanyakazi, na zaidi ya hapo anaona saa, zamu na maombi ya likizo ya watu wa timu yake. Haoni mishahara yao, akaunti zao za benki wala vyeti vya daktari. Ili apange zamu anahitaji kujua siku ambazo mtu hayupo. Ugonjwa wake haumhusu.

Anaidhinisha, anakataa kwa kuandika sababu, au anarudisha kwa mwenyewe arekebishe. Saa za mtu mwingine hawezi kuzigusa. Sehemu hii ndiyo iliyolalamikiwa kuliko zote, kwa hiyo tueleze ilikotoka.

Zamani kiongozi aliweza kurekebisha moja kwa moja. Mfanyakazi wa zamu ya usiku aliandika 21:00 hadi 05:00, yaani saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri. Kiongozi, kwa nia njema kabisa, alidhani mwenzake amekosea kuandika saa 3 asubuhi, akaweka 09:00 hadi 17:00. Jumla ilibaki saa 8, kwa hiyo hakuna hesabu iliyopiga kelele. Kilichopotea ni posho ya usiku ya wiki nzima, na aliyegundua ni mwenye posho, siku ya malipo. Tulipotafuta ni nani aliyebadilisha, mfumo ulikuwa umehifadhi namba za mwisho tu. Watu wawili waliokuwa wakielewana walikaa siku kadhaa wakitiliana shaka kwa sababu yetu sisi tuliotoa ruhusa pana kupita kiasi. Kubonyeza "Rudisha" na kuandika "naona usiku, ndivyo?" kunachukua nusu dakika.

Maombi ya kiongozi mwenyewe yanakwenda kwa aliye juu yake. Hakuna anayejiidhinishia, wala kaimu. Kiongozi akisafiri anateua kaimu kwa muda usiozidi siku 14, na ruhusa hiyo inakoma yenyewe tarehe ikifika. Tafadhali usimwachie mtu nywila yako badala ya kumteua. Atakachofanya kitaandikwa kwa jina lako.

Msimamizi wa mfumo

Wengi hudhani msimamizi anaona kila kitu. Anafungua na kufunga akaunti, anagawa majukumu, anawapanga watu kwenye timu na anasoma kumbukumbu za matukio. Hati za malipo hazioni. Saa hazibadilishi, likizo haidhinishi. Nywila yako hawezi kuisoma, kwa kuwa mfumo hauihifadhi kama ulivyoiandika. Unahifadhi alama iliyokokotolewa kutoka kwayo, na kutoka kwenye alama hiyo hakuna njia ya moja kwa moja ya kurudi kwenye nywila. Akikupigia mtu akasema ni msimamizi na anaihitaji, kata simu.

Hivi ndivyo sehemu ya ruhusa hizo inavyosomeka ndani ya mfumo:

```
mfanyakazi:
  saa: soma(zangu), andika(zangu)
  malipo: soma(yangu)
kiongozi:
  saa: soma(timu), idhinisha(timu, si_zangu)
msimamizi:
  akaunti: fungua, funga, gawa_jukumu
  kumbukumbu: soma
```

Kuficha kitufe peke yake si ulinzi. Kila ombi linakaguliwa tena kwenye seva, kwa hiyo ukibandika anwani ya ukurasa wa mwenzako kwenye kivinjari utapata `403`, yaani ombi limekataliwa, na tukio hilo litaandikwa.

Kumpa mtu jukumu la msimamizi kunahitaji wasimamizi wawili: mmoja anaomba, mwingine anakubali. Kila msimamizi ana akaunti mbili, moja ya kuandikia saa zake kama watu wengine na moja ya usimamizi, ambayo haifunguki bila uthibitisho wa hatua mbili. Na tuseme ukweli: anayeshika seva yenyewe ana nguvu kuliko jedwali lolote la ruhusa. Kwa sababu hiyo kumbukumbu za matukio zinanakiliwa papo hapo kwenye hifadhi nyingine ambayo wasimamizi wetu hawana ruhusa ya kuifuta, na inakaguliwa na mtu aliye nje ya timu yao.

Ruhusa inapobadilika

Anayeacha kazi hufungiwa akaunti siku hiyohiyo, lakini rekodi zake zinabaki. Kila miezi 3 kiongozi anapokea orodha ya watu wa timu yake na kuthibitisha jina kwa jina. Jina lisilothibitishwa ndani ya siku 10 linarudi kwenye jukumu la mfanyakazi.

Ukihitaji ruhusa zaidi, nenda "Akaunti yangu", kisha "Omba jukumu". Andika kazi unayotaka kuifanya na itakwisha lini. Ombi linapita kwa kiongozi wako kabla ya kufika kwa msimamizi. Wakikubali wote wawili, toka kwenye mfumo uingie upya, kwani jukumu jipya husomwa wakati wa kuingia. Kuondolewa jukumu hakusubiri hivyo: mfumo unakutoa papo hapo, hata kama ulikuwa katikati ya kuandika.