Ile chati ya familia, Aunti, nimeisoma yote

Aunti habari ya jioni, picha imefika, nimeikuza kwa simu nikaiangalia boksi kwa boksi. Kwanza usishtuke, hiyo karatasi si majibu mapya ya damu. Ni mti wa familia tu, yale mliyomwambia sista hapo kliniki pamoja na vipimo mlivyofanyiwa vimechorwa pahali pamoja ndio daktari aone sikoseli imepitia kwa nani mpaka ikafika kwa Akinyi.

Boksi ni mwanamume, duara ni mwanamke, basi. Mstari unaounganisha boksi na duara ubavuni ni wazazi wawili, halafu ule unaoshuka chini unaenda kwa watoto, mkubwa ako kushoto, kitinda mimba kulia. Zile I, II na III pembeni ni vizazi: I ni babu na nyanya wa pande zote mbili, II ni nyinyi na ndugu zenu, III ni watoto wako.

Sasa hapo kwa wino ndio kuna maneno. Ukiangalia pembe ya chini wameandika maana zake, na kila mara anza hapo, manake chati ya ugonjwa mwingine inaweza kupakwa vingine kabisa. Kwa hii yenu, umbo lililojazwa lote nyeusi ni SS, yaani mtu ako na ugonjwa wenyewe. Nusu nyeusi ni AS, amebeba tu, na kwa kawaida haumwi. Wino ukiwa upande wa kushoto au wa kulia hapa ni sawa tu. Jeupe lenye AA chini ni mtu amepimwa na hana.

Duara nyeusi yote kwa III, ile imeelekezewa mshale, ndiyo Akinyi. Mshale unaonyesha tu ni yeye alianza kuletwa kliniki, haimaanishi yeye ndiye chanzo. Kushoto kwake ni kaka yake, nusu, AS. Ile pembetatu ndogo kati yake na mdogo wake ni ile mimba iliyotoka, pole Aunti, najua kuiona hapo inauma, lakini huwa wanaiandika. Mdogo ni AA.

Sasa panda juu kwa II. Wewe ni nusu, na Baba Akinyi pia ni nusu. Tafadhali muonyeshe mama mkwe hapo kwa kidole, manake hayo maneno ya kwamba ni wewe umeleta chira kwa boma yameniuma sana. Mtoto hawezi kuwa SS bila kupata S moja kwa mama na nyingine kwa baba. Tena angalia dada ya Baba Akinyi, duara nyeusi iliyokatwa na mstari, mkato ni kusema ameshafariki, na chini wameandika SS, miaka 4. Huyo ndiye amefanya babu apakwe nusu ingawa alikufa bila kupimwa, kwa sababu mtoto SS lazima aliipata kwa wazazi wote wawili. Kwa hivyo kwa boma lao ilikuwako hata kabla hujaolewa. Na si laana, sehemu zetu za ziwa zina malaria mingi na mtu wa AS hukingwa kiasi na ile malaria kali, ndio maana hiyo S imebaki kwa watu wengi huku.

Kuna kitu kingine Aunti, jeupe lenye alama ya kuuliza si sawa na jeupe la AA. Mdogo wako Rose ni duara nyeupe na alama ya kuuliza, yaani hajapimwa, na anaweza kuwa AS na ako fiti kabisa. Kwa vile anataka kuolewa, yeye na huyo kijana wapimwe mapema, na waulize kile kipimo cha elektroforesisi kinachosema wazi kama ni AA, AS au SS.

Na ile 25% wameandika kati yako na Baba Akinyi ni ya kila mimba, si ati mmoja akishapata basi wengine wako salama. Kila mimba inaanza upya: 25% SS, 50% AS, 25% AA.

Duara moja tu ndio imenishinda, ya mama mkwe kule juu kushoto, inaonekana nyeusi yote lakini nadhani ni kivuli cha simu kimeangukia hapo, kwa sababu chini naona kama AS. Piga tena kesho asubuhi nje kwa mwanga, karatasi iwe imenyooka mezani, unitumie kabla ya kliniki ya Alhamisi. Ikiwa kweli wameijaza yote, mwambie sista arekebishe kabla daktari hajaisoma.